Kwa Nini Umeme wa Voyager Unapungua

Tarehe 25 Februari 2025 wahandisi wa NASA walizima kifaa cha Voyager 1 kilichokuwa kikipima miale inayotoka nje ya mfumo wa jua. Kifaa kilikuwa kizima, ila umeme haukuwatosha wote. Mwezi uliofuata wakazima kingine kwenye pacha wake, Voyager 2.

Vyombo hivi vilirushwa mwaka 1977 kwenda mahali ambako paneli za sola za wakati ule zisingefaa kitu. Kwenye sayari ya Zohali peke yake, mwanga wa jua ni kama sehemu moja kwa tisini ya ule tunaoupata duniani. Kwa hiyo kila chombo kilifungwa jenereta tatu zisizo na injini wala kitu chochote kinachozunguka. Ndani ya kila moja mna tufe 24 ndogo za oksaidi ya plutoniamu-238.

Kiini cha atomi ya plutoniamu hii si imara. Saa yake ikifika hutema chembe ya alfa, yaani protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikamana. Chembe hiyo hujigonga kwenye atomi za jirani hadi ikasimama, na nguvu ya mwendo wake hugeuka joto. Siku ya kuruka, jenereta tatu za Voyager zilikuwa zikitoa joto la takriban wati 7,000. Tufe hizo zimezungukwa na jozi za vipande vya silikoni na jerimaniamu, upande mmoja ukiwa kwenye moto na mwingine ukitazama baridi ya anga, na tofauti hiyo ya joto ndiyo inayosukuma umeme. Umeme wenyewe ulikuwa wati 470 tu. Joto lililobaki lilipotelea angani. Ni hasara kubwa, lakini mashine isiyosuguana popote haihitaji fundi wa kuipaka grisi.

Plutoniamu-238 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 87.7, na hakuna swichi ya kuisimamisha. Tufanye hesabu. Mwanzoni mwa 2001, miaka zaidi ya 23 tangu safari ianze, asilimia 83 ya joto ilipaswa kuwa bado ipo. Kama umeme ungeshuka sawasawa na joto, Voyager 1 ingekuwa na wati 390. Kipimo kilionyesha 315. Zile 75 zilipotea kwenye zile jozi: kukaa miaka mingi kwenye joto kali kunazila taratibu, na mafuta yakipoa kidogo, tofauti kati ya upande wa moto na wa baridi nayo hupungua. Vikijumlishwa vyote, chombo hupoteza kama wati nne kila mwaka. Ndiyo maana wahandisi huzima kifaa kimoja baada ya kingine.

Kwa nini basi alfa, na si mionzi mingine? Gama hupenya na kutoka nje ikiwa na nguvu zake, na kuizuia kunahitaji ngao nzito ya risasi. Beta ni elektroni, na kila inapotoka huandamana na nyutrino inayotoroka na sehemu kubwa ya nishati bila kugusa chochote. Tena elektroni hiyo ikifunga breki ndani ya mata huzaa eksirei. Warusi walitumia strontiamu-90, inayotoa beta, kuwasha minara ya taa kwenye pwani ya Aktiki, ambako uzito wa ngao haukumsumbua mtu. Kwenye roketi kila kilo ina gharama. Alfa ni nzito, ina chaji mbili, na hata karatasi huizuia, hivyo karibu joto lake lote hubaki ndani ya mafuta yenyewe.

Lakini alfa pekee haitoshi. Poloniamu-210 nayo hutoa alfa, tena gramu yake moja ina joto mara mia na zaidi kuliko ya plutoniamu-238. Tatizo ni kwamba hupungua kwa nusu kila siku 138. Voyager 1 ilichukua mwaka mmoja na nusu kufika Mshtarii. Ingekuwa na poloniamu, ingefika na sehemu moja tu kwa kumi na sita ya joto lake.

Mionzi hii isiyovuka ngozi ni hatari ikivutwa mapafuni, kwa sababu nguvu zake zote huishia kwenye seli chache za jirani. Mwezi Aprili 1964 satelaiti ya Kimarekani ilishindwa kufika kwenye mzingo, ikarudi na kuungua juu ya Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Madagaska. Plutoniamu yake, kama kilo moja, ilisambaa angani ikiwa vumbi, kama ilivyokusudiwa na wabunifu wa wakati huo. Baada ya hapo wakabadili msimamo: mafuta yawe katika umbo gumu la kauri na yafungwe ndani ya ganda linalostahimili moto wa kurudi duniani. Jaribio lisilopangwa likaja mwaka 1970, Apollo 13 ilipoharibikiwa. Jenereta iliyokusudiwa kuachwa mwezini ilianguka kwenye Pasifiki, karibu na bonde la kina kirefu la Tonga, na vipimo vya hewa na maji havikuona plutoniamu iliyovuja.