Kwa Nini Nukta Nundu Husomwa kwa Ncha ya Kidole

Herufi ya nukta nundu ina nafasi ya nukta sita, zilizopangwa safu mbili za nukta tatu tatu. Kutoka katikati ya nukta moja hadi katikati ya jirani yake ni kama milimita 2.5, na kila nukta imeinuka juu ya karatasi kwa takriban nusu milimita. Msomaji mzoefu hupitisha kidole cha shahada juu ya mstari na herufi zikamjia moja baada ya nyingine. Mpe ukurasa huohuo ausome kwa kiganja, naye atahisi karatasi yenye mikwaruzo tu. Ukiuburuza kwenye kigasha chake, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, hata ile mikwaruzo itafifia.

Wengi hudhani ncha ya kidole inashinda kwa sababu ngozi yake ni nyororo zaidi, au kwa sababu imezoeshwa. Mazoezi yana nafasi yake, nitayafikia. Lakini jibu la kwanza limo chini ya ngozi, katika aina za vipokezi vya mguso na katika idadi ya nyuzi za neva zinazovihudumia.

Ngozi ya kiganja na vidole, ile isiyo na vinyweleo, ina aina nne kuu za vipokezi hivyo, na kila aina imepewa jina la mwanasayansi aliyeieleza. Vipokezi vya Merkel vimekaa karibu na uso wa ngozi na huendelea kutoa taarifa muda wote kitu kinapoigandamiza. Vya Meissner navyo viko juu juu, ila hushtuka pale tu mguso unapobadilika, kwa mfano glasi inapoanza kuteleza mkononi, kisha hunyamaza. Vya Ruffini viko ndani zaidi na huhisi ngozi ikivutwa. Vya Pacini viko ndani kabisa na kazi yao ni mtetemo, hasa ule wa haraka wa mara 200 hadi 300 kwa sekunde.

Kipokezi cha Pacini kinastahili kusemwa zaidi kidogo, kwa sababu kinatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kwa wepesi wa kuhisi hakina mshindani: mtetemo mdogo kiasi ambacho jicho haliwezi kuuona hukiamsha. Lakini uzi mmoja wa neva unaotoka kwenye Pacini huitikia mtetemo unaotoka popote kwenye kidole kizima, wakati mwingine hata sehemu kubwa ya kiganja. Utajua kuna kitu kinatetemeka, usijue hasa kiko wapi. Kuhisi kwa wepesi ni jambo moja, kupambanua mahali ni jambo jingine, na msomaji wa nukta nundu anahitaji hili la pili.

Kipande cha ngozi ambacho uzi mmoja wa neva hukipokelea taarifa huitwa eneo la upokezi. Uzi huo ni kama kengele moja iliyounganishwa na milango yote ya nyumba: ikilia, unajua mgeni amefika, hujui yuko mlango gani. Kwa Merkel na Meissner katika ncha ya kidole, eneo hilo ni dogo, upana wake milimita chache tu. Kwa Pacini na Ruffini ni kubwa mara kadhaa.

Mwaka 1979 watafiti wa Uswidi, Roland Johansson na Åke Vallbo, walichapisha hesabu ya nyuzi hizi katika mkono wa binadamu. Walifanya kazi na watu walio macho, wakiingiza elektrodi nyembamba kama sindano hadi ndani ya neva ya mkono, kisha wakagusa ngozi kidogo kidogo mpaka wajue kila uzi unaitikia wapi. Makadirio yao yalifikia nyuzi 17,000 za mguso kwa ngozi yote ya kiganja na vidole vya mkono mmoja. Katika ncha ya kidole walikadiria nyuzi 70 hivi za Merkel kwa kila sentimita moja ya mraba. Katikati ya kiganja zilikuwa kama 8 tu.

Tuzipige hesabu takwimu hizo mbili. Nyuzi 70 zikitawanywa sawasawa kwenye sentimita moja ya mraba, uzi mmoja unakuwa milimita 1.2 kutoka kwa mwenzake. Weka sasa nukta mbili za herufi, zilizoachana milimita 2.5. Uzi ulio chini ya nukta ya kwanza unapiga kelele, ulio chini ya nukta ya pili unapiga kelele, na katikati yao kuna uzi mwingine ulio karibu kimya. Ubongo unapokea vilele viwili na bonde kati yao, na bonde hilo ndilo linaloonyesha kwamba nukta ni mbili. Maeneo ya upokezi ya nyuzi hizo hupandana, lakini hilo halivurugi kitu, maana kila uzi huitikia kwa nguvu katikati ya eneo lake na kwa unyonge pembezoni, na ubongo hulinganisha nguvu hizo.

Kwenye kiganja, nyuzi 8 kwa sentimita ya mraba zinaachana milimita 3.5 hivi. Nukta zilezile mbili zinaangukia mahali ambapo hakuna uzi wa kusimama katikati na kunyamaza. Bonde halionekani, na nukta mbili zinakuwa kitu kimoja.

Hayo yamethibitishwa kwa nukta nundu zenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, Phillips, Johansson na Johnson walipitisha herufi za nukta nundu chini ya vidole vya watu huku wakirekodi nyuzi za neva, mmoja mmoja. Nyuzi za Merkel zilitoa picha ambayo nukta zake ziliweza kuhesabika. Za Meissner zilitoa picha yenye ukungu zaidi, ingawa ndizo nyingi kuliko zote katika ncha ya kidole. Katika picha za Pacini na Ruffini herufi haikuonekana.

Namna ya kupima uwezo huu bila maabara ilibuniwa na Ernst Heinrich Weber wa Leipzig, aliyechapisha vipimo vyake mwaka 1834 akitumia bikari. Wewe unaweza kutumia klipu ya karatasi iliyonyooshwa na kukunjwa ili ncha zake mbili zitazame upande mmoja, pamoja na rula. Mtu afumbe macho. Mguse kwa ncha moja au mbili, ukichanganya bila mpangilio, naye aseme ni ngapi. Punguza umbali hatua kwa hatua mpaka aanze kukosea. Kwenye ncha ya kidole watu wazima wengi hufika milimita 2 au 3. Kwenye kiganja ni kama 10. Kwenye kigasha na mgongoni huhitaji sentimita 4 hivi kabla ya kuwa na hakika kwamba ncha ni mbili.

Kipimo hiki kina mitego. Ncha moja ikigusa kabla ya nyingine, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, mtu atajibu mbili kwa kufuata wakati, si nafasi. Ukikandamiza sana, ngozi inabonyea pana na nyuzi za mbali zinaamka. Tena ncha mbili huhisiwa tofauti na ncha moja hata zikiwa zimekaribiana mno, kwa hiyo mtu makini huweza kubahatisha vizuri bila kuzitenganisha kweli. Ndiyo maana maabara nyingi sasa hutumia kipande chenye mifereji membamba, na mtu huulizwa mifereji imelala au imesimama.

Taarifa za nyuzi zote hupanda kupitia uti wa mgongo, huvuka kwenda upande wa pili zinapoingia chini ya ubongo, kisha hufika kwenye mkunjo wa gamba la ubongo ulio nyuma kidogo ya katikati ya kichwa. Huko Montreal, daktari wa upasuaji Wilder Penfield alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa kutia ganzi ngozi ya kichwa tu, kwa sababu ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Aligusa mkunjo ule kwa umeme hafifu na mgonjwa akasema alichohisi: mchonyoto kwenye dole gumba, au kwenye mdomo, au mguuni. Mwaka 1937 yeye na Edwin Boldrey walichapisha matokeo ya wagonjwa 163. Mwili ulikuwa umepangwa kwa utaratibu, lakini kwa uwiano wa ajabu. Mkono na uso vilichukua nafasi kubwa mno, na kiwiliwili chote kikabanwa kwenye ukanda mdogo.

Ramani hiyo haikupimwa kwa ukubwa wa ngozi. Kwa kiasi kikubwa imepimwa kwa idadi ya nyuzi zinazofika. Ili lile bonde kati ya nukta mbili lisipotee njiani, chembe za ubongo zinazohudumia ncha ya kidole lazima ziwe nyingi, na kila moja isikilize kipande kidogo cha ngozi. Chembe za mgongo zinasikiliza kipande kikubwa, hivyo chache zinatosha. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo ramani ni pana ndipo maeneo ya upokezi yalipo madogo na ndipo bikari ya Weber hufungwa karibu zaidi.

Mazoezi nayo huigusa ramani. Mwaka 1993 Alvaro Pascual-Leone na Fernando Torres walionyesha kwamba kwa wasomaji wa nukta nundu, kidole cha kusomea kilichukua nafasi kubwa zaidi kwenye ubongo kuliko kidole kama hicho cha mkono wa pili. Vipokezi havikuongezeka, bali ubongo ulikuwa umevigawia nafasi zaidi. Umbo la kidole pia lina mchango: utafiti wa mwaka 2009 ulikuta wenye vidole vidogo hupambanua vizuri zaidi, inaelekea kwa sababu vipokezi vyao vimesongamana.

Neva inapokatwa kwenye kifundo cha mkono ndipo ramani na ngozi vinapoachana waziwazi. Daktari hushona neva, na nyuzi huota upya kwa kasi ya milimita moja hivi kwa siku, kwa hiyo ncha ya kidole iliyo sentimita 18 mbele husubiri miezi sita au zaidi. Lakini nyuzi nyingi hupotea njia. Uliokuwa wa dole gumba huishia kwenye kidole cha shahada, na ubongo unaendelea kuusoma kama wa dole gumba. Mgonjwa hujua ameguswa ila hukosea mahali, na kipimo cha ncha mbili, ambacho kliniki hukihesabu kuwa cha kawaida kikiwa chini ya milimita 6, huweza kubaki juu ya 15 kwa muda mrefu. Wataalamu wa tiba ya mikono humpa mgonjwa mazoezi ya kugusa vitu akitazama, kisha akifumba macho, ili ubongo upange upya majina ya nyuzi hizo. Watoto hurudisha uwezo huo vizuri kuliko watu wazima.