Ndani ya Jiwe la Magadi Mna Nini, na Kiasi Gani?

Jiwe la magadi linalouzwa sokoni kwa ajili ya maharage, kisamvu au ugoro lina chumvi mbili zilizoshikana: kaboneti ya sodiamu na bikaboneti ya sodiamu. Zote mbili ni nyeupe, zote huyeyuka majini, na zote hutoa povu zikimwagiwa siki. Jicho haliwezi kuzitenganisha, na mizani nayo hupima uzito bila kujua inapima nini. Hata hivyo, mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye bureti, asidi na chupa mbili ndogo za rangi anaweza kukuambia kila moja imo kwa kiasi gani kabla kipindi chake cha maabara hakijaisha.

Mchanganyiko huu haukutengenezwa na mtu. Ziwa Magadi nchini Kenya na Ziwa Natron upande wa Tanzania yamo katika Bonde la Ufa na hayana mto unaotoa maji. Maji huingia na chumvi zake, jua huyakausha, chumvi hubaki. Kinachoganda juu ya maziwa hayo ni madini yaitwayo trona, ambayo kwa kila fungu moja la kaboneti huwa na fungu moja la bikaboneti na mafungu mawili ya maji yaliyonaswa ndani ya fuwele. Trona safi kabisa, kwa uzito, ina kaboneti asilimia 46.9, bikaboneti 37.2 na maji 15.9. Jiwe la sokoni si safi hivyo. Lina udongo, lina chumvi ya kawaida, limelala juani au limenyeshewa mvua, na pengine limechomwa kidogo. Kwa hiyo haitoshi kusoma kitabuni. Inabidi kupima.

Asidi haidrokloriki hubadili kaboneti kwa hatua mbili. Ni kama mtu anayeshuka ghorofani: kaboneti iko ghorofa ya pili, bikaboneti iko ya kwanza, na hewa ya ukaa iko chini kabisa. Fungu la kwanza la asidi huishusha kaboneti ghorofa moja, ikawa bikaboneti:

Na2CO3 + HCl → NaHCO3 + NaCl

Fungu la pili huishusha mpaka chini, ikawa maji na hewa ya ukaa inayotoka kwa mapovu:

NaHCO3 + HCl → NaCl + H2O + CO2

Bikaboneti iliyokuwamo tangu mwanzo haikuhitaji kushushwa mara ya kwanza, kwa kuwa tayari iko ghorofa ya kwanza. Hapo ndipo ufunguo wa kazi nzima ulipo. Asidi ya hatua ya kwanza inatumiwa na kaboneti peke yake. Asidi ya hatua ya pili inatumiwa na bikaboneti yote, ile iliyozaliwa sasa hivi kutokana na kaboneti pamoja na ile ya asili. Ukijua mwisho wa kila hatua, hesabu iliyobaki ni ya kutoa tu.

Mwisho wa hatua huonyeshwa na rangi. Fenolfthalini huwa ya waridi katika maji yenye magadi makali na hupoteza rangi pH inapokaribia 8.3, yaani pale kaboneti yote imekwisha kuwa bikaboneti. Methili oranji hubaki ya njano mpaka pH inaposhuka karibu na 4, pale bikaboneti nayo imekwisha, ndipo hugeuka rangi ya chungwa. Mkemia wa Marekani Robert Warder aliieleza njia hii mwaka 1881, na hadi leo vitabu vingi huiita kwa jina lake.

Sasa tulipime jiwe moja. Lisage liwe unga laini, upime gramu 2.50, uyeyushe katika maji yaliyokenekwa ambayo yalichemshwa kisha yakapoa kwa kufunikwa. Sababu ya kuyachemsha ni kufukuza hewa ya ukaa iliyomo, maana hiyo ingeigeuza kaboneti kuwa bikaboneti kabla hujaanza. Chuja ili mchanga na chembe za chokaa zibaki kwenye karatasi. Chokaa nayo hula asidi. Jaza maji mpaka mililita 250. Kwa pipeti chukua mililita 25, ambazo zina miligramu 250 za jiwe lako, uzitie katika chupa yenye umbo la pia pamoja na matone mawili matatu ya fenolfthalini. Bureti ijae asidi yenye nguvu ya moli 0.100 kwa lita, na nguvu hiyo iwe imethibitishwa kwa kaboneti safi iliyokaushwa, si kusomwa tu kwenye lebo ya chupa.

Tuseme waridi inatoweka baada ya mililita 10.40. Andika namba hiyo. Usimwage kitu, usibadilishe chupa. Tia matone mawili ya methili oranji katika maji hayohayo na uendelee kufungulia asidi. Rangi ya chungwa inatokea bureti inaposoma 32.30. Hatua ya pili, basi, imekula mililita 21.90.

Kati ya hizo 21.90, mililita 10.40 zimetumiwa na bikaboneti iliyotoka kwenye kaboneti. Zinazobaki ni 11.50, na hizo ni za bikaboneti ya asili. Kwa asidi ya nguvu hii, kila mililita moja ya hatua ya kwanza inalingana na miligramu 10.6 za kaboneti, na kila mililita moja ya bikaboneti ya asili inalingana na miligramu 8.4. Hivyo tuna miligramu 110.2 za kaboneti na 96.6 za bikaboneti ndani ya miligramu 250 za jiwe. Ni asilimia 44.1 na 38.6. Asilimia 17.3 iliyobaki ni maji ya fuwele, chumvi nyingine na uchafu. Hili ni trona karibu tupu, lenye bikaboneti iliyozidi kidogo.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini kusumbuka na rangi mbili? Si tupime asidi yote kwa methili oranji basi? Jibu linapatikana ukichukua gramu 2.50 nyingine za unga uleule, ukazichoma katika kibakuli cha kaure kwa joto la nyuzi 250 hadi 300 mpaka uzito usipungue tena, kisha ukayeyusha chote kilichobaki katika mililita 250 zilezile. Moto huo hufukuza maji na kuigeuza bikaboneti kuwa kaboneti. Ndivyo viwanda vinavyotengeneza magadi soda ya kuyeyushia kioo. Mafungu mawili ya bikaboneti huzaa fungu moja la kaboneti. Ukipima sasa, waridi haitoweki tena kwenye 10.40. Inatoweka kwenye 16.15, na rangi ya chungwa inatokea palepale pa zamani, 32.30.

Jumla haikusogea hata tone. Kilichohama ni mwisho wa hatua ya kwanza tu. Mtu aliyepima kwa methili oranji peke yake ataapa kwamba jiwe bichi na jiwe lililochomwa ni kitu kimoja, na akihesabu asidi yote kama ya kaboneti atatangaza kwamba jiwe bichi lina kaboneti asilimia 68.5. Hesabu yake itakuwa safi, na jibu lake litakuwa si kweli.

Ulinganisho huo wa hatua mbili pia hukuambia una nini mkononi. Zikilingana, kama katika jiwe lililochomwa, kuna kaboneti bila bikaboneti. Ya pili ikizidi, zimo zote mbili. Fenolfthalini ikikataa kabisa kuwa ya waridi, hiyo ni bikaboneti peke yake. Na ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, mtu ametia soda kali ya kutengenezea sabuni, kwa sababu soda kali na bikaboneti haziwezi kukaa pamoja majini. Hugeuzana kuwa kaboneti mpaka moja iishe.

Ugumu wa kazi hii uko katika hatua ya kwanza, na ni ugumu wa kweli. Waridi haikatiki ghafla kama inavyokatika unapopima soda kali. Hufifia polepole, na watu wawili wakitazama chupa moja wanaweza kutofautiana kwa matone kadhaa. Dawa yake ni kuandaa chupa ya pili ya kulinganishia, yenye maji ya bikaboneti safi ya nguvu inayokaribiana na idadi ileile ya matone ya fenolfthalini. Weka karatasi nyeupe chini ya zote mbili, na usimamishe bureti pale zinapofanana.

Kosa jingine ni haraka. Asidi ikimiminwa kwa wingi mahali pamoja, bikaboneti ya hapo huruka moja kwa moja kuwa hewa ya ukaa, wakati kaboneti ya upande wa pili wa chupa bado haijaguswa. Hewa hiyo ikitoroka, waridi hukawia kutoweka. Dalili ni mapovu kuonekana mapema, kabla ya waridi kwisha. Ukiyaona, mwaga uanze upya, ukitia asidi taratibu na kuzungusha chupa muda wote, maji yakiwa ya baridi. Tazama kinachotokea ukikawia kwa mililita 0.20 tu: hatua ya kwanza inakuwa 10.60, ya pili inapungua kuwa 21.70, na tofauti yao inashuka kutoka 11.50 hadi 11.10. Kaboneti imekosewa mara moja, bikaboneti mara mbili. Ndiyo maana katika vipimo hivi namba ya bikaboneti huaminiwa kidogo kuliko ya kaboneti, hasa kama bikaboneti ni chache.

Mwisho wa hatua ya pili una shida ndogo zaidi. Hewa ya ukaa iliyobaki majini ni asidi dhaifu na huvuruga rangi. Ukikaribia chungwa, chemsha chupa dakika mbili. Njano itarudi, ipoe, kisha malizia kwa matone.

Mpaka wa njia hii nao ujulikane. Bureti huhesabu vitu vinavyopokea asidi, basi. Chumvi ya kawaida haionekani. Floraidi, ambayo imo kwa wingi katika baadhi ya magadi ya Bonde la Ufa na huchangia meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia, nayo haijitokezi katika hesabu hii. Jiwe linaweza kutoa namba nzuri za kaboneti na bikaboneti na bado lisifae kwa chungu cha kila siku. Anayepikia familia kwa magadi ya huko aombe kipimo cha floraidi peke yake, maana hicho ni kipimo kingine na kina kifaa chake.