Ripoti Yako Inasema Faida ni Asilimia 0? Angalia Alama ya Kugawanya Kwanza

Mteja wetu mmoja ana duka la rejareja. Karibu wateja wake wote wanalipa kwa simu, na kila jioni mtoto wa kaka yake hupakua orodha ya mauzo, anaiingiza kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite kwa laptopu, halafu skripti inampa ripoti: kila bidhaa na asilimia ya faida yake. Wazo zuri kabisa. Shida ni kwamba tangu siku ya kwanza ripoti ilikuwa inasema hivi:

```
unga     0
mafuta   0
sabuni   0
sukari   0
mifuko   100
```

Mama akashtuka. Duka limejaa watu, pesa inaingia, halafu faida sufuri? Akafanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote angefanya: akapandisha bei. Unga wa kilo mbili ukatoka shilingi 175 ukaenda 185. Kesho yake akaangalia ripoti: 0. Wateja kadhaa wa unga wakahamia duka la jirani, na ripoti bado 0. Alipotupigia simu alikuwa anataka kujua kama sisi tunamkata pesa kwa njia asiyoielewa.

Hatukuwa tunamkata. Pesa zake zote zilikuwa zimeingia, na orodha ya mauzo ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja wa skripti, na ni kosa ambalo hata watu waliosomea kompyuta hulifanya. Tulilitafuta pamoja na huyo kijana, kwa hivyo tukupitishe hatua kwa hatua.

Hesabu kwa karatasi

Asilimia ya faida tunayoongelea hapa ni faida ukigawanya kwa bei ya kuuza, halafu mara 100. Unga ulinunuliwa kwa shilingi 160 ukauzwa 175. Faida ni 15. Ukigawanya 15 kwa 175 unapata 0.0857, mara 100 ni 8.57. Kwa hivyo kila shilingi 100 ya unga inayoingia, shilingi 8 na senti 57 ni faida. Sio nyingi, lakini sufuri sio.

Sasa tazama skripti ilikuwa imeandika nini:

```sql
SELECT bidhaa,
       (bei_kuuza - bei_kununua) / bei_kuuza * 100 AS asilimia
FROM mauzo;
```

Ukiisoma haraka, si ni ileile ya karatasi? Kijana mwenyewe alituambia ameijaribu kwa Excel ikatoa 8.57. Na ni kweli. Excel haijali kama umeandika 15 au 15.0, ikigawanya inakupa desimali. SQLite inajali sana. Bei kwenye jedwali lake zilihifadhiwa kama nambari nzima, yaani `INTEGER`. SQLite ikigawanya nambari nzima kwa nambari nzima, jibu pia linakuwa nambari nzima, na chochote kilicho baada ya nukta kinatupwa. Hakikadiriwi kwenda juu. Kinatupwa tu.

Fikiria kreti ya soda

Ukiwa na chupa 50 za soda na kreti inayobeba chupa 24, utajaza kreti ngapi? Mbili, na chupa mbili zinabaki nje. Hakuna mtu anayesema amejaza kreti 2.08. Hiyo ndiyo kazi ya kugawanya kwa nambari nzima: inauliza "zimejaa ngapi?" Na ukiwa na chupa 15 pekee, kreti zilizojaa ni sufuri.

Ndivyo skripti ilivyouliza kuhusu unga. Kwenye 15, kuna 175 ngapi zilizojaa? Hakuna. Jibu 0. Baada ya hapo ndipo inazidisha kwa 100, na sufuri mara 100 ni sufuri. Kwa sababu faida ya bidhaa karibu kila mara ni ndogo kuliko bei yake ya kuuza, kila bidhaa dukani itapata 0. Ndiyo maana kupandisha bei hakukubadilisha kitu: faida ya 25 kwenye bei ya 185 bado haijazi 185.

Na ile mifuko ya kubebea iliyoonyesha 100? Kijana hakuwa amejaza bei ya kuinunua, kwa hivyo ilikuwa 0. Mfuko unauzwa shilingi 10, "faida" ikawa 10, na 10 kwa 10 ni 1 kamili. Mara 100, ikatoka 100.

Hapo ndipo utakapolitambua tatizo hili. Kama ripoti yako inatoa 0, na mara mojamoja 100 au -100, na hakuna kitu katikati, usiilaumu biashara. Ni kugawanya kwa nambari nzima.

Marekebisho yasiyorekebisha

Kijana alikuwa ameshajaribu mambo mawili kabla hajatufikia. Kwanza aliweka `ROUND` kuzunguka hesabu nzima, akiamini desimali zimefichwa tu. Ripoti ikabadilika kutoka 0 hadi 0.0. Kisha akageuza 100 ya mwisho kuwa `100.0`. Ikabaki 0.0 vilevile.

Sababu ni moja. SQLite inafanya kugawanya na kuzidisha kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia. Ikifika kwenye `ROUND` au kwenye `100.0`, ile 0.0857 imeshatupwa zamani. Unajaribu kuokota maji yaliyokwisha kumwagika.

Jaribio la tatu lilikaribia: kuzidisha kwa 100 kwanza, ndipo ugawanye. 15 mara 100 ni 1500, gawanya kwa 175, inatoka 8. Angalau sio sufuri. Lakini ile .57 imepotea, na bidhaa yenye faida ndogo sana bado inadanganya. Kitu ulichonunua 149 ukakiuza 150 kina faida ya asilimia 0.67, njia hii itakuandikia 0.

Linalofanya kazi ni kuhakikisha kwamba wakati wa kugawanya, angalau upande mmoja tayari una desimali:

```sql
SELECT bidhaa,
       ROUND((bei_kuuza - bei_kununua) * 100.0
             / bei_kuuza, 2) AS asilimia
FROM mauzo;
```

Nukta na sufuri, herufi mbili tu, lakini ziko mahali panapofaa: kabla ya alama ya kugawanya. 15 mara 100.0 ni 1500.0, na 1500.0 kwa 175 ni 8.5714. `ROUND` inaipunguza iwe 8.57. Hatukuhitaji kubadilisha jinsi bei zinavyohifadhiwa, na pesa ni vizuri zikae kama nambari nzima.

Sufuri zilikuwa zinaficha kitu

Tukaiendesha tena ripoti ya wiki ya kwanza, kabla mama hajapandisha bei ya unga:

```
unga     8.57
mafuta   12.12
sabuni   16.67
sukari   -3.33
mifuko   100.0
```

Angalia sukari. Msambazaji alikuwa ameongeza bei, mama akawa ananunua kilo kwa 155 na bado anauza 150. Kila kilo iliyotoka dukani ilimpotezea shilingi 5. Kwa kilo 40 kwa wiki, hiyo ni shilingi 200 zinazoondoka kimyakimya. Lakini -5 kwa 150 pia haijazi, kwa hivyo SQLite ilikuwa imeandika 0 kama nyingine zote. Bidhaa yenye faida nzuri na bidhaa yenye hasara zilikuwa zinafanana kabisa.

Kijana alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Shangazi, unga haukuwa na shida. Ni sukari." Mama akajibu, "Na wateja wangu wa unga je, mwanangu?" Siku hiyohiyo alirudisha unga kwa 175, na sukari akaipandisha hadi 165.

Kama hutumii SQLite

Tabia hii inategemea lugha, na ndiyo maana skripti iliyofanya kazi kwa mwenzako inaweza kukataa kwako. PostgreSQL inagawanya kama SQLite, na Java pia ukitumia `int`. MySQL haina tabia hii: `15 / 175` inatoa 0.0857. Ukihamisha ripoti kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, sufuri zinaweza kutokea bila wewe kugusa hesabu.

Kwenye Python inategemea toleo. Python 2 ilitoa 0 kwa `15 / 175`. Python 3, iliyotoka mwaka 2008, inatoa 0.0857. Lakini alama mbili, `//`, bado zinatupa desimali, na kwa hasara zinashuka chini kabisa: `-5 // 150` ni -1, kwa hivyo hasara ya asilimia 3 itaandikwa -100. Na kama unapiga hesabu ndani ya bash kwa `$(( ))`, huko hakuna desimali kabisa, ukiandika 100.0 utapata kosa. Peleka hesabu kwa `awk` au `bc -l`.

Jipime kwa bidhaa tatu

Kabla ya kuamini ripoti yoyote ya faida, ingiza bidhaa tatu za kujaribu ambazo majibu yake unayajua kichwani. Ya kwanza imenunuliwa 75 na kuuzwa 100, jibu ni 25. Ya pili imenunuliwa 100 na kuuzwa 100, jibu ni 0. Ya tatu imenunuliwa 110 na kuuzwa 100, jibu ni -10. Skripti ikitoa 25, 0 na -10, iko sawa. Ikitoa 0, 0 na 0, unajua pa kuangalia.

Kama inatoa sufuri, iulize hifadhidata yenyewe:

```sql
SELECT 15 / 175, 15 / 175.0;
```

Ukiona 0 upande mmoja na 0.0857 upande wa pili, umempata mwizi. Na ukiona bidhaa yenye 100, usishangilie bado. Fungua jedwali uangalie kama kuna mtu alisahau kujaza bei ya kununua. Kwa mama wetu, mfuko mmoja ulikuwa unamgharimu shilingi 6. Faida yake halisi ni asilimia 40.