Ukurasa wa Mchango Ukifutwa, Mchangiaji Huona Nini?

Tarehe 4 Februari 2022 kampuni ya GoFundMe iliuondoa ukurasa uliokuwa ukiwachangia madereva wa malori walioandamana Ottawa, mji mkuu wa Kanada. Zaidi ya dola milioni 10 za Kanada zilikuwa zimeshaingia, na kama milioni moja ilikuwa imekwisha kutolewa. Kampuni ikatangaza kuwa anayetaka kurudishiwa fedha zake ajaze fomu kabla ya tarehe 19, na kitakachobaki kipelekwe kwa mashirika ya hisani. Watu wakaja juu. Kesho yake uamuzi ukabadilishwa: kila mchangiaji atarudishiwa fedha zake bila kujaza chochote.

Pale kampuni ndiyo iliyouondoa ukurasa. Mara nyingi zaidi anayeufuta ni yule yule aliyeuanzisha, tena bila nia mbaya: mgonjwa amefariki, ada imelipwa, au mtu amechoka tu kuulizwa maswali. Lakini swali linalozuka kwa wachangiaji ni lile lile la Ottawa. Fedha ziko wapi?

Tuchukue mfano wa muuguzi Mtanzania anayeishi Minnesota. Mjomba wake wa Moshi anatakiwa kwenda India kupandikizwa figo. Muuguzi ndiye anayefungua mchango, kwa kuwa GoFundMe hupeleka fedha kwenye benki za nchi chache tu, Marekani ikiwemo na Tanzania haimo. Watu 120 wanachanga dola 50 kila mmoja, na ukurasa unaonyesha dola 6,000. Kabla ya safari, mjomba anafariki.

Akiufuta ukurasa wiki hiyo ya msiba, kitakachotoweka ni picha ya mjomba, maelezo ya ugonjwa, majina ya waliochanga, salamu zao na taarifa zote alizowahi kuandika. Mchangiaji akibonyeza kiungo hafiki popote. Ajabu ni kwamba kwenye kundi la WhatsApp la ukoo bado ataiona ile picha ndogo ya mjomba pamoja na kichwa cha habari, kwa sababu vilibebwa ndani ya ujumbe wenyewe siku kiungo kilipotumwa. Risiti aliyopata kwa barua pepe nayo ipo palepale, na taarifa ya benki yake inaonyesha dola 50 zilizokatwa. Kwa hiyo mchangiaji anabaki na kila ushahidi kwamba alitoa, na hana hata mstari mmoja unaoeleza kilichofuata. Shaka haihitaji mbolea zaidi ya hiyo.

Wengi hudhani kuufuta ukurasa kunarudisha fedha. Haurudishi. Kufuta kunagusa maandishi na picha. Fedha zina njia yake, na inabidi zishughulikiwe kwanza. Zikiwa bado hazijahamishiwa benki, mwanzilishi anaweza kumrudishia mchangiaji kupitia ukurasa wake wa usimamizi, na fedha zitarudi kwenye kadi ile ile iliyolipa, kwa kawaida baada ya siku kadhaa za kazi. Zikishaingia kwenye akaunti yake ya benki, kazi inakuwa ngumu zaidi na ni lazima awasiliane na kampuni.

Kuna pia jambo la makato, ambalo huzua ugomvi usio na sababu. Kwa michango ya Marekani GoFundMe hukata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango. Katika kila dola 50, hiyo ni dola 1 na senti 75. Kwa watu 120 makato yanafika dola 210, na kinachoingia benki ni dola 5,790. Ndugu aliyeiona 6,000 kwenye simu yake atauliza 210 zimekwenda wapi. Ukurasa ukiwepo, muuguzi anaandika hesabu hiyo kwa sentensi tatu na kila mtu anaisoma. Ukurasa ukiwa umefutwa, ataieleza kwa mmoja mmoja, kwa simu, akiwa na msiba, na wengine watakuwa wameshaamua la kuamini.

Njia iliyo bora kwake ni kuzima michango na kuuacha ukurasa. Mipangilio ya GoFundMe inaruhusu hivyo: mgeni akifika anasoma kila kitu lakini hawezi kuchanga tena, na ukurasa unaweza kuondolewa kwenye utafutaji wa tovuti ili usiendelee kuwavuta wageni. Kisha anaandika taarifa ya mwisho, ambayo huwafikia wachangiaji kwa barua pepe. Aseme mjomba amefariki, kiasi kilichopatikana, na kwamba familia inaomba kukitumia kulipa deni la hospitali na mazishi. Asiyeridhia aombe kurudishiwa. Ombi hilo si adabu tu. Fedha zilichangwa kwa ajili ya figo, na masharti ya tovuti yanataka zitumike kwa lile lililotajwa. Kama miezi kadhaa baadaye bado anataka kuufuta ukurasa, basi ahifadhi kwanza orodha ya michango, maana baada ya hapo hataipata kirahisi.

Tovuti nyingine hazitoi hata nafasi ya kufuta. Kickstarter, wanakochangisha wabunifu wa bidhaa, filamu na vitabu, huuacha hadharani kila mradi uliowahi kuzinduliwa. Mwanzilishi anaweza kuusitisha kabla ya muda kwisha; hapo hakuna kadi inayotozwa, kwa sababu huko fedha hukatwa tu pale lengo linapofikiwa. Ukurasa unabaki ukionyesha kuwa umesitishwa.

Kwenye maombi ya kukusanya saini hakuna fedha za kurudisha, ila kuna sauti za watu. Katika Change.org, ombi lililofungwa hubaki likisomeka, likiwa na idadi ya walioliunga mkono. Likifutwa, idadi hiyo na sababu walizoandika watu chini yake havionekani tena. Mwanzilishi hapewi anwani za barua pepe za waliotia saini. Huwafikia kwa taarifa anazotuma kupitia ombi lenyewe, kwa hiyo akilifuta bila neno la mwisho amejifungia mlango. Na aliyetoa hela huko baada ya kutia saini ajue kwamba malipo hayo ya kulisambaza ombi huenda kwa Change.org, wala hayamfikii mwanzilishi. Mwaka 2020 wengi waliochangia kupitia ombi la kumtetea George Floyd waligundua hilo baadaye, na lawama zikawa nyingi.

Bunge la Uingereza lina utaratibu unaomlinda zaidi mtia saini. Jina linaloonekana kwenye ombi ni la mwanzilishi peke yake, na likifungwa hubaki kwenye hifadhi ya tovuti ya bunge. Ombi la mwaka 2019 la kuitaka Uingereza ibaki Umoja wa Ulaya lilipata saini 6,103,056, likajadiliwa tarehe 1 Aprili, serikali ikalikataa. Mpaka leo yeyote anaweza kulisoma pamoja na jibu alilopewa.

Kwa mchangiaji wa GoFundMe aliyekuta ukurasa haupo, pa kuanzia ni risiti. Aitafute kwenye barua pepe, pamoja na folda ya taka, kisha aangalie taarifa ya kadi, huenda fedha zimesharudi bila yeye kujua. Zikiwa hazijarudi, amwandikie mwanzilishi kwanza. Asipojibiwa, kampuni hupokea madai ya fedha zilizotumiwa vibaya ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya kuchanga, na kufutwa kwa ukurasa hakuondoi haki hiyo.