Ankara Iliyokwama kwa Mhasibu

Shule imeagiza katoni 40 za sabuni, kila moja Sh24,000. Kabla ya kulipa, mhasibu analinganisha karatasi tatu: oda ya ununuzi, hati ya mapokezi ya stoo na ankara ya muuzaji. Oda inasema 40, ankara 40, stoo 456. Kumbe mtunza stoo kahesabu miche, na katoni moja ina miche 12. Ukigawanya unapata 38, na hapo ndipo kasoro ya kweli inapojitokeza: katoni mbili hazijafika, ila zimedaiwa, Sh48,000. Kuikwangua ankara kwa kalamu hakufai. Muuzaji atoe hati ya kupunguza deni, au alete zilizobaki, stoo izipokee kwa hati mpya. Ikitofautiana bei, wa kuulizwa ni ofisa manunuzi.