Bega la Bi Harusi na Mkono wa Mpakaji

Bi harusi amesimama bustanini, mkono mmoja kiunoni, shela jeupe limemwangukia mabegani. Nyuma yake kuna ua wa michongoma na, kwa bahati mbaya, ndoo ya plastiki ya bluu ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Familia inataka picha hiyo hiyo, ila nyuma yake iwe bahari. Kazi za namna hii hufika studio karibu kila wiki ya harusi, na nyingi huharibikia mahali pamoja: ukingoni, pale bega linapoachana na majani.

Anayejua kazi hatumii kifutio. Hupaka maski. Maski ni karatasi isiyoonekana iliyobandikwa juu ya leya ya picha: ukiipaka nyeupe picha inaonekana, ukiipaka nyeusi picha inafichika, na ukiipaka kijivu inabaki nusunusu kama kitu kilicho nyuma ya pazia. Hakuna kinachokatwa. Ukifuta sikio la bi harusi kwa makosa, unapaka nyeupe na sikio linarudi. Kwenye Photoshop, ambayo nitaitumia kama mfano, bonyeza D ukiwa kwenye maski upate nyeupe na nyeusi, kisha X kuzibadilishana. Vidole vya mkono usioshika kalamu vikizoea X, kazi inakwenda mbio.

Kipanya kinaweza kufanya haya yote, lakini bega si mstari ulionyooka, na kalamu ya tableti hufuata mviringo kwa jinsi mkono unavyoujua. Shida ni kwamba kalamu husikia pia mkandamizo, na hapo ndipo wengi tunapoponzwa. Kazi yangu ya kwanza ya aina hii niliiacha kalamu ibadilishe Opacity, yaani nikikandamiza kidogo rangi inakuwa nyepesi, nikikandamiza sana inakolea. Kwenye skrini ilipendeza. Albamu ilipotoka kuchapwa, bi harusi alikuwa amezungukwa na utando wa kijani kama mtu aliyetoka kuoga kwenye bwawa lenye mwani. Nilidhani nimepaka nyeusi, kumbe mkono ulikuwa umelegea na nimepaka kijivu cheusicheusi. Macho hayakuuona mchanganyiko huo, karatasi ikauona.

Kwa hiyo kwa ukingo wa ngozi na nguo, mkandamizo usiguse ukolevu wa rangi hata kidogo. Zima kile kitufe chenye alama ya kalamu kilicho kando ya Opacity, acha Opacity iwe 100%, kisha fungua Brush Settings uondoe alama kwenye Transfer. Mkandamizo uachie ukubwa wa brashi tu: kwenye Shape Dynamics chagua Pen Pressure, na uweke Minimum Diameter iwe kama 50%.

Kwa nini 50% na si sifuri? Kwa sababu ulaini wa ukingo wa brashi ni sehemu ya upana wake. Brashi ya pikseli 30 yenye Hardness ya 85% ina ukingo laini wa kama pikseli mbili. Ipanue ifike 200, Hardness ikiwa ile ile, ukingo unafika kama pikseli kumi na tano. Kalamu ikiruhusiwa kukuza na kupunguza brashi bila kikomo, bega lako litakuwa kali hapa, lenye ukungu pale, na tena kali mbele. Mtazamaji hatajua kilichomkera, lakini atahisi picha imebandikwa.

Ulaini wenyewe haujachaguliwa na wewe, umeshachaguliwa na lenzi. Kuza picha hadi 800% uangalie tu bega linaishia wapi: mara nyingi utakuta pikseli mbili au tatu ambazo si ngozi wala si majani, ni mchanganyiko. Huo ndio ulaini wa kuiga. Mkono ulio kiunoni, kama uko nyuma kidogo ya mahali kamera ilipolenga, utakuwa na mchanganyiko mpana zaidi, kwa hiyo pale punguza Hardness. Ukishaangalia, teremka. Usipake ukiwa 800%. Huko juu huoni bega, unaona vijiraba, na kama faili ni JPEG utaanza kufuata vile visanduku vya pikseli nane kwa nane vilivyoachwa na ubanaji wa faili. Ukirudi chini, mstari unafanana na ukuta ulioliwa na mchwa.

Mimi hupaka nikiwa 200%. Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye skrini nyingi za mezani milimita moja ni karibu pikseli nne. Mkono ukitetemeka milimita moja ukiwa 100%, umekosea pikseli nne za picha. Ukiwa 200%, mbili. Ukiwa 50%, nane. Lakini kama tableti yako ni ndogo, tuseme sentimita 15 kwa upana, na inaendesha skrini ya sentimita 50, mtetemeko huo unazidishwa zaidi ya mara tatu kabla haujafika kwenye picha. Mwenye tableti ndogo apande hadi 300% bila aibu.

Kisha geuza turubai. Shikilia R, zungusha hadi mstari wa bega ufuate upinde wa kiwiko chako, uvute mara moja kwa mkono mzima badala ya kudonoa kwa vidole. Pita ndani ya mstari kwa pikseli moja au mbili, ule kidogo kwenye ngozi. Kijani cha majani hujificha hasa katika pikseli hizo. Kila baada ya mivuto michache, Ctrl+0 uione picha nzima, kisha urudi.

Shela ni habari nyingine, na hapo ndipo mkandamizo unapostahili kurudi kwenye Opacity. Chukua brashi kubwa, Hardness sifuri, Flow kama 15%, ukandamize taratibu mpaka bahari ianze kuonekana kupitia kitambaa. Kijivu hapa ndicho unachokitafuta. Ila maski haiwezi kuondoa rangi: kijani cha michongoma kilichopenya kwenye shela kitabaki, na lazima ukififishe kwa leya ya rangi. Tableti zinazojisifu kwa viwango 8,192 vya mkandamizo hazitakusaidia hapo, maana maski ya kawaida ya biti nane ina vivuli 256 tu.

Kabla hujatuma, weka leya ya waridi kali nyuma ya bi harusi. Uchafu wote utajitokeza. Kisha shikilia Alt na ubofye kijipicha cha maski, uione yenyewe: nje ya mwili pawe peusi tii, ndani peupe pe, kijivu kiwe kwenye shela na kwenye uzi mwembamba wa ukingo. Ukiona mawingu ya kijivu nje, bonyeza Ctrl+L usogeze pembetatu ya weusi kidogo kuelekea kulia mpaka yapotee. Ukizidisha, na shela litakatika, kwa hiyo lizungushie kwanza uchaguzi wa kulikinga.

Picha ile ya bustanini ilinichukua dakika arobaini hivi. Bega na mikono vilichukua kumi, zilizobaki zote zilikwenda kwenye shela.