Usimwahidi Shahidi Siri Usiyoweza Kuitunza

Tuchukue hoteli ya kitalii jijini Dar es Salaam. Binti mmoja aliyekuja jikoni kwa mafunzo ya vitendo, fildi kama wanavyoiita vijana, amelalamika ofisi ya utumishi kwamba mpishi mkuu alimshika mwili bila ridhaa yake na kumtolea maneno machafu karibu na stoo ya baridi. Mpishi anakana. Hakuna kamera upande ule. Ratiba ya zamu inaonyesha kwamba saa hiyo alikuwepo mtu mmoja zaidi, mama anayeosha vyombo, na mkataba wake umebakiza miezi miwili kwisha.

Hoteli hii ni ya mfano, ila jambo lenyewe ni la kila siku. Mengi yatakayofuata yanategemea namna mama huyo atakavyoitwa. Nimeona maofisa wengi wakitumia muda wao wote kupanga maswali ya kumhoji shahidi, na mwito wenyewe wakaufanya kwa sekunde chache tu: mtu anatumwa jikoni kusema kwa sauti, "Mama, unaitwa utumishi." Wapishi wote wanageuka. Kabla mama hajafika ngazini, mtuhumiwa ameshajua nani kaitwa, naye mama ameshajiuliza amekosa nini na kama ndiyo kazi imeisha.

Kwa Tanzania Bara, uchunguzi huu haufanywi kwa hiari ya bosi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinamtaka mwajiri achunguze kwanza kama kuna sababu ya kuitisha kikao cha nidhamu. Hizo ni hatua mbili. Katika ya kwanza mwajiri anakusanya habari, na katika ya pili mtuhumiwa anasomewa tuhuma na kujitetea. Mahojiano ya shahidi yako katika hatua ya kwanza, na mama anapaswa kuambiwa hivyo kwa maneno yanayoeleweka: haendi kwenye kesi, na wala hatakiwi kusema nani ana hatia. Anaulizwa alichokiona na alichokisikia, basi.

Mwito unaofaa hutolewa faraghani, na mtu ambaye hayumo kwenye ugomvi. Msimamizi wa jikoni hafai, kwa kuwa yuko chini ya mpishi mkuu. Ofisa wa utumishi anaweza kumkuta mama mwanzoni mwa zamu, mahali anapopita kila siku, akamwamkia kama ilivyo ada, kisha akamkabidhi barua iliyofungwa na kumweleza kwa mdomo yaliyomo. Maelezo ya mdomo ni ya lazima. Barua ya ofisi humtia hofu hata msomi, na ikiwa imeandikwa Kiingereza kwa mtu anayeishi na kufanya kazi kwa Kiswahili, haijamwambia kitu. Barua inaweza kusomeka hivi:

"Yah: Mwaliko wa mahojiano kama shahidi. Tunachunguza malalamiko kuhusu mwenendo wa mfanyakazi wakati wa zamu ya mchana, siku ya Ijumaa iliyopita. Ratiba inaonyesha ulikuwa kazini, na huenda uliona au kusikia jambo litakalotusaidia kujua kilichotokea. Wewe hutuhumiwi kwa lolote. Tunaomba tukutane Jumatano saa 4 asubuhi, katika chumba cha mikutano cha jengo la utawala. Mahojiano yatachukua kama saa moja, na muda huo utahesabiwa kuwa wa kazi. Ukipenda saa nyingine, mtu wa kuja naye, au msaada wowote, tuambie kabla ya siku hiyo."

Barua hiyo haimtaji binti, haimtaji mpishi, wala haisemi neno kuhusu kushikwa mwili. Hiyo ni makusudi. Shahidi akisoma kwamba "mpishi mkuu anadaiwa kumshika mwanafunzi", atafika chumbani akiwa na hadithi ya ofisi kichwani, na kumbukumbu yake itaanza kujipanga kuifuata. Mwaka 1974, watafiti wa Marekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa yakienda kasi gani. Walioulizwa kwa neno lenye picha ya kupondana walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa neno la kugusana tu. Ikiwa neno moja la swali laweza kuyumbisha jibu, barua inayotaja kosa zima itafanya zaidi ya hapo. Hivyo mpe shahidi siku, zamu na mahali, ajue anachoitiwa, na yaliyotokea aje ayaeleze mwenyewe.

Sasa tuje kwenye usiri, ambako ndiko uchunguzi mwingi huharibika. Mama ameketi, amekunja mikono, na swali lake la kwanza ni moja tu: "Mwanangu, atajua kwamba nimesema mimi?" Ofisa mwenye huruma hujibu upesi, "Usiwe na wasiwasi mama, hakuna atakayejua." Mama anafunguka, anaeleza yote, anatia sahihi. Wiki mbili baadaye kikao cha nidhamu kinaitishwa, na hapo kanuni zilezile za 2007 zinampa mtuhumiwa haki ya kujibu ushahidi, kuwauliza maswali mashahidi wa mwajiri, na kuleta wa kwake. Mama anaambiwa aje kikaoni. Anaona amedanganywa, anakataa, au anakuja na kusema hakumbuki kitu. Mwajiri akimwachisha kazi mpishi kwa karatasi peke yake, mpishi anaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu. Maelezo ya mtu asiyefika kuulizwa huwa na uzito mdogo. Binti aliyelalamika anabaki mikono mitupu kwa sababu ya ahadi iliyotolewa kwa nia njema.

Jibu la kweli ni refu kidogo, na linapaswa kutolewa kabla mama hajasema lolote: "Mama, maelezo yako nitayaona mimi, anayeandika, na mkuu atakayeamua kama kuna kikao. Hayatawekwa kwenye faili lako wala kusemwa jikoni. Lakini jambo hili likifika kikaoni, anayetuhumiwa ana haki ya kujua ushahidi dhidi yake, na huenda ukaombwa uje useme mbele yake. Siwezi kukuahidi kwamba hatajua. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba jina lako halitatoka bila wewe kuambiwa kwanza." Wengine wakisikia hivyo husita, na ni haki yao. Ila anayeendelea baada ya kusikia hivyo ni shahidi atakayesimama.

Itatokea pia shahidi akasema ataongea kwa sharti jina lake lifichwe kabisa. Usimfukuze. Muulize anaogopa nini hasa, maana mara nyingi hofu yake ina umbo unaloweza kulishughulikia: wanapanda daladala moja na mtuhumiwa usiku, au yeye ndiye anayempangia zamu. Kama hofu ni nzito na ya kweli, pokea alichonacho kama fununu ya kukuelekeza kwenye ushahidi mwingine, kwa mfano kitabu cha stoo, ujumbe wa simu ambao binti alimtumia rafiki yake jioni ile, au mlinzi aliyemwona akitoka analia. Ushahidi huo unaweza kusimama bila jina la mama.

Usiri unamhusu shahidi naye. Anaombwa asizungumzie mahojiano na wafanyakazi wenzake, na aelezwe sababu: mashahidi wawili wakishakaa pamoja kwenye chai wakasimuliana, kumbukumbu zao huchanganyika, na mchunguzi hawezi tena kujua nani aliona nini. Katazo hilo lazima liwe na mipaka. Mama bado anaweza kuzungumza na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, ambacho kwa wafanyakazi wa hoteli ni mara nyingi CHODAWU, na vilevile wakili, mshauri nasaha, daktari, au polisi ikiwa jambo ni la jinai. Nimewahi kusoma barua iliyomtisha shahidi kwamba atafukuzwa "akimwambia mtu yeyote". Barua ya namna hiyo humfunga mdomo mtu anayehitaji msaada, na mwajiri akifika mbele ya Tume itamtia aibu.

Kuhusu msaada, kosa la kawaida ni kuandika "utapatiwa msaada unaostahili" na kuishia hapo. Shahidi hajui aombe nini. Mtajie. Haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake imeandikwa kwa ajili ya mtuhumiwa kikaoni, lakini hakuna kinachomzuia mwajiri kumruhusu shahidi naye aje na mtu, na ni busara kufanya hivyo. Mtu huyo asiwe shahidi mwingine wala rafiki wa karibu wa mtuhumiwa, na aelezwe kwamba anaweza kuomba mapumziko au kuuliza swali lifafanuliwe, ila hajibu kwa niaba ya shahidi. Kwa mama huyu, msaada wenye maana zaidi huenda ukawa mahojiano yafanyike nje ya saa za mpishi mkuu, nauli ya kurudi kama zamu yake imeshaisha, na zamu za wiki zijazo zipangwe na mtu mwingine. Akihitaji kubadilishwa zamu, aulizwe kwanza, maana zamu mpya inaweza kumpotezea posho ya usiku, na hapo ulinzi unageuka adhabu.

Kisha kuna kisasi. Mkataba wa 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, unawataja mashahidi waziwazi miongoni mwa wanaopaswa kulindwa dhidi ya kulipiziwa, pamoja na walalamikaji. Kwa mama wa mfano wetu, kisasi hakitakuja kwa barua ya kufukuzwa. Kitakuja kwa njia ya masinki yote kuachiwa yeye, chakula cha wafanyakazi kumfikia kimeisha, salamu isiyojibiwa, na mwisho mkataba usiohuishwa "kwa sababu ya hali ya biashara". Kwa hiyo mwambie siku ileile ya mahojiano akimbilie kwa nani yakianza, kwa jina na namba ya simu.

Mahojiano yakiisha, maelezo asomewe kwa Kiswahili, arekebishe palipokosewa, atie sahihi kila ukurasa na aambiwe nini kitafuata. Hataambiwa adhabu aliyopewa mtu mwingine, lakini aambiwe kwamba uchunguzi umefungwa. Na ofisa aweke alama kwenye kalenda: wiki mbili baadaye amtafute mama amuulize hali ya kazi, kisha alinganishe ratiba ya zamu zake kabla na baada ya mahojiano. Alama ya pili iwe mwezi mmoja kabla mkataba wake haujaisha, na pendekezo la kuuhuisha au kutouhuisha lipitie kwa mkuu ambaye hana uhusiano na jiko, likiwa na sababu zilizoandikwa.